Msamaha wa faini si faida kila mara

"KRA wananiambia nilipe kodi yenyewe, 800,000, mara moja, wafute faini na riba. Si hiyo ni faida tupu?"

Ni faida ikiwa hiyo 800,000 ni deni la kweli. Faini na riba huhesabiwa juu ya kodi, kwa hiyo anza na kodi. Tuseme imecheleweshwa miezi 24: faini ya asilimia 5 ni 40,000, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi ni 192,000. Ofa inakuokolea 232,000.

Sasa fungua leja yako ya iTax. Mara nyingi utakuta malipo ambayo hayakuingizwa, au gharama zilizokataliwa kwa kukosa risiti ambazo, kumbe, ziko kwenye faili lako. Kodi halisi ikishuka hadi 500,000, basi pamoja na faini 25,000 na riba 120,000 unadaiwa 645,000. Ukikubali ofa, umelipa 155,000 zaidi ya deni lako lote, faini na riba zikiwemo.

Makadirio ya kodi uliyotumiwa na KRA yakiwa mapya, una siku 30 za kuyapinga. Sehemu usiyoipinga ilipe, au uombe muda wa kuilipa, maana bila hivyo pingamizi halikubaliwi. Siku hizo hazisimami kwa sababu eti mnajadiliana.