Paa la nyumba na paa wa porini: tofauti iko kwenye taimingi

Hapa Mombasa mzee akikusikia unasema paa wa porini sawasawa na paa la nyumba atakurekebisha hapo hapo, kwani kwa Kimvita yule mnyama ana pumzi, phaa, na la nyumba halina. Tembo pia hivo hivo, la mnazi ni tembo na mnyama ni thembo. Lakini ukiandika kawaida yote ni paa na paa, tembo na tembo, na kila mwaka wanafunzi wangu waliokulia bara wananiuliza, sasa hiyo ph ni p pamoja na h ama ni herufi nyingine kabisa?

Nawajibu kwamba swali lenyewe linatoka kwa herufi, mdomo haujui herufi. Katherini Brauman na Luis Goldstin wa maabara ya Haskins kule Marekani walianza mwaka 1986 kutoa hoja kwamba kizio cha msingi cha fonolojia si kitamkwa kimoja kimoja kilichopangwa kama shanga, ni miondoko, yaani kazi ambazo viungo vinafanya: midomo ifunge, ncha ya ulimi ipande, kaakaa laini lishuke hewa ipite puani, nyuzi za sauti kooni zifunguke. Kila mondoko una muda wake wa kuanza na kuisha, na unaweza kulaliana na mwenzake.

Sasa chukua paa. Midomo inafunga, na wakati huo huo nyuzi za sauti zinafunguka kidogo ndio maana p haina mngurumo. Kwa paa la nyumba nyuzi zinarudi kukutana karibu na pale midomo inapoachana, irabu inaanza mara moja. Kwa phaa ni miondoko ile ile miwili, hakuna kiungo kipya, ila nyuzi zinachelewa kukutana, midomo ishaachana na koo bado liko wazi, hiyo hewa inayopita pale katikati ndiyo tunayoiita pumzi. Kwa hivo h haikuongezwa, ni koo limechelewa. Ukirekodi ukafungua kwenye Praat, programu ya kompyuta ya kuchunguza sauti, utaona mlipuko wa midomo halafu nafasi kabla ya mawimbi ya sauti kuanza, pima hiyo nafasi. Kwenye p ya Kiingereza yenye pumzi ni kama milisekunde 60, p isiyo na pumzi nafasi yake ni fupi sana. Ila usipime neno moja mara moja tu, mtu akisoma polepole ama akisisitiza namba inabadilika, rekodi sentensi ile ile mara nyingi, paa na phaa zikae mahali pamoja.

Na hiyo pumzi ilitoka wapi? Hapa ndipo mimi napapenda zaidi. Angalia ubao, wingi wake mbao. Ubavu, mbavu. Wingi unaleta sauti ya puani mbele. Sasa upande kwa Kimvita unakuwa phande, ukuta unakuwa khuta, pua imepotea na pumzi imekuja. Kwa herufi inabidi useme mambo mawili, kwanza n ilifutwa, pili h iliongezwa, na huelezi kwa nini yanakuja pamoja. Kwa miondoko inashikana: mbele ya b nyuzi zinatetemeka mfululizo na sauti ya pua inasikika vizuri, lakini mbele ya p koo linafunguka, na likianza kufunguka mapema likalalia ile sehemu ya pua basi pua inabaki hewa tupu isiyosikika, msikilizaji anachokiokota ni pumzi ya baadaye.

Kwamba mondoko unaweza kuwepo na usisikike si dhana tu. Brauman na Goldstin walitazama picha za eksirei za mtu akitamka kwa haraka maneno mawili ya Kiingereza, la kwanza linaisha na k na t, la pili linaanza na m. Sikio linasema t imekufa, lakini ncha ya ulimi ilipanda vilevile, ila nyuma ya mdomo imezibwa na k na mbele midomo ya m ishafunga, basi sauti yake haina pa kutokea.

Lakini hapo pana mpaka wake na lazima tuuseme. Haimaanishi leo ndani ya phaa mna pua iliyojificha. Bana pua yako useme mbuzi, utasikia inakwama pale mwanzo. Bana tena useme phaa, inatoka safi kama kawaida. Kulaliana kunaweza kueleza mabadiliko yalivyoanza, ila mtoto anayezaliwa Kisauni ama Mji wa Kale leo hajifunzi kushusha kaakaa laini kwenye phaa hata chembe, anajifunza moja kwa moja kwamba hapa koo lichelewe.