Barua ya Kijerumani kwa jirani mwenye kelele: dhana potofu na ukweli

Dada mmoja anayesomea uuguzi Ujerumani aliniletea rasimu ya barua. Jirani wa juu yake alikuwa akipiga muziki usiku, naye zamu yake inamtaka aamke saa kumi na nusu alfajiri. Rasimu ilikuwa na aya nzima ya salamu na kuulizia afya, kisha aya ya kuomba radhi kwa usumbufu, ndipo likaja ombi lenyewe: muziki upunguzwe "nach 4 Uhr", akikusudia baada ya saa nne usiku. Jirani angeisoma na kujiuliza kelele za alfajiri zinatoka wapi. Nimeona makosa ya aina hii mara nyingi, na karibu yote yanatokana na dhana chache.

Dhana: Wajerumani husema wazi, kwa hiyo "bitte" moja inatosha.

Ni kweli kwamba jambo lenyewe husemwa wazi, lakini adabu ya lugha yao imo ndani ya kitenzi. "Stellen Sie bitte die Musik leiser" ni sentensi sahihi, ina "bitte" ndani yake, na bado msomaji huisikia kama amri. Sisi tunaijua tofauti hii vizuri: "punguza sauti, tafadhali" haifanani na "ungeweza kupunguza sauti kidogo?" Kijerumani nacho kina umbo linalofanya kazi ya -nge- yetu. "Könnten Sie" ni "ungeweza". "Ich wäre Ihnen dankbar" ni "ningekushukuru". Ukiweka maumbo hayo mawili kwenye ombi lako, adabu imekamilika. Zile aya za salamu na radhi hazihitajiki, tena huzua shaka: msomaji wa Kijerumani huanza kujiuliza barua inataka nini hasa, na akifika kwenye ombi huona kama alikuwa akizungushwa.

Badala ya salamu ndefu, jitambulishe kwa sentensi moja: unaishi ghorofa gani na upande gani. Halafu mpe jirani njia ya heshima ya kutoka kwenye lawama. Neno zuri kwa kazi hiyo ni "hellhörig", yaani nyumba inayopitisha sauti. Ukiandika kwamba nyumba ni "hellhörig", lawama inahamia kwenye kuta na sakafu. Jirani hana haja ya kujitetea, anabaki na jambo moja tu la kufanya.

Dhana: Saa ni saa, jirani ataelewa.

Hapa ndipo Mswahili anapoteleza kuliko mwingine yeyote. Saa nne usiku ni "22 Uhr". Ukitafsiri namba ilivyo, umeandika alfajiri au alasiri. Nusu nayo ina mtego wake: sisi tunahesabu nusu iliyopita baada ya saa, wao wanataja saa inayofuata. Saa nne na nusu usiku ni "halb elf", nusu kuelekea kumi na moja yao. Mtu aliyekwisha kumbuka kuongeza sita bado anaweza kuandika "halb zehn" na kukosea kwa saa nzima. Kwa jambo muhimu kama muda wa kelele, tumia tarakimu: 22:30 Uhr.

Na usiandike "kila siku" kama si kila siku. Mtu akiambiwa "immer" atakumbuka Jumapili ile aliyokuwa safarini, na barua yako itapoteza nguvu yote. Taja siku na muda.

Dhana: Taja sheria na faini, ataogopa na kunyamaza.

Sheria ipo. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Makosa ya Kiutawala kinaruhusu faini ya hadi euro 5,000 kwa kelele zisizo na sababu ya msingi zinazosumbua majirani. Lakini ukiinukuu kwenye barua ya kwanza, umeacha kuandika ombi na umeandika onyo. Jirani naye atajibu kwa lugha hiyohiyo, na mtaendelea kukutana kwenye ngazi kwa miaka.

Isitoshe, wengi huinukuu vibaya. Muda wa utulivu wa usiku kwa kawaida huanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mahali pengine hadi saa moja. Unatokana na kanuni za majimbo, za miji na za nyumba yenyewe, kwa hiyo soma kanuni za nyumba zilizoambatana na mkataba wako wa pango. Utulivu huo haumaanishi ukimya wa kaburini. Mtoto mchanga akilia, mtu akitembea kwenda msalani, hayo ni maisha. Kinachotakiwa ni sauti ya muziki au televisheni isitoke nje ya nyumba ya mwenyewe. Wala hakuna haki ya kufanya sherehe ya kelele mara moja kwa mwezi, ingawa utaambiwa ipo hata na Wajerumani wenyewe.

Hii ndiyo barua tuliyoipata baada ya kusahihisha:

> Sehr geehrte Frau K.,
>
> ich wohne im zweiten Stock links, direkt unter Ihnen. Ich arbeite in der Pflege und muss oft schon um 4:30 Uhr aufstehen.
>
> Unser Haus ist leider sehr hellhörig. In den letzten zwei Wochen habe ich dienstags und donnerstags bis etwa 23:30 Uhr Musik gehört und konnte nicht einschlafen. Vielleicht ist Ihnen gar nicht bewusst, wie gut man sie bei mir hört.
>
> Könnten Sie die Musik nach 22 Uhr bitte etwas leiser stellen? Dafür wäre ich Ihnen sehr dankbar. Wenn Sie einmal etwas von mir stört, klingeln Sie gern bei mir.
>
> Mit freundlichen Grüßen

Tazama herufi. Baada ya salamu kuna mkato, kwa hiyo "ich" inaanza kwa herufi ndogo. "Sie" na "Ihnen" za jirani zina herufi kubwa. Ile "sie" ndogo katika "wie gut man sie bei mir hört" ni muziki. Ungeiandika kwa herufi kubwa, ungemwambia kwamba unamsikia yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuna jirani anayetaka kuambiwa. Baada ya "Grüßen" hakuna mkato.

Jina la ukoo lisome kwenye kengele ya mlango. Kwa mwanamume ni "Sehr geehrter Herr", na -r hiyo ya mwisho isisahaulike. Usipojua anayeishi pale ni nani, "Liebe Nachbarin, lieber Nachbar" inafaa.

Dhana: Bora nisiweke jina, nisije nikachukiwa.

Karatasi isiyo na jina iliyobandikwa kwenye ngazi ndiyo inayochukiwa, kwa sababu kila mlango unajiuliza nani kaandika na kuhusu nani. Weka barua kwenye bahasha, tia sahihi kwa mkono, andika jina na tarehe, itumbukize kwenye sanduku lake la barua na ubaki na nakala.

Baada ya hapo, weka daftari kando ya kitanda. Kila kelele inaposikika, andika tarehe, ilianza saa ngapi, iliisha saa ngapi, na ilikuwa ya aina gani. Wiki chache zikipita bila nafuu, daftari hilo pamoja na nakala ya barua ndivyo utakavyompelekea mwenye nyumba, kwani yeye ndiye mwenye mamlaka ya kumwonya mpangaji wake. Na hapo ndipo lugha ya kanuni na vifungu inapopata mahali pake.