Debiti na krediti: kwenye vitabu vya nani?

Jumamosi tulianza diskasheni ya kupitia pasti pepa za akaunti, kiongozi wetu wa darasa akasimama kufungua na kiukweli aliongea vizuri. Alisema tutaanza na maswali ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kwa sababu yanajirudia sana, kila mtu afanye swali peke yake kwanza ndo tulinganishe majibu, na hakuna kufungua majibu ya nyuma kabla ya kufunga hesabu yako. Hapo sawa kabisa. Alafu akageuka ubaoni akaandika kwa chaki, herufi kubwa: KREDITI = HELA INAINGIA, DEBITI = HELA INATOKA, akasema mkisahau angalieni tu meseji za benki kwenye simu zenu.

Hii nimeisikia mara nyingi mno, kwa wanafunzi na hata kwa watu wanaofanya kazi ya hesabu, na ndiyo inayoangusha watu kwenye swali lilelile alilotaka tuanze nalo.

Maana yenyewe ni fupi. Debiti ni upande wa kushoto wa akaunti na krediti ni upande wa kulia, basi. Kwenye mali na matumizi kuongezeka kunaandikwa kushoto, kwenye madeni, mtaji na mapato kuongezeka kunaandikwa kulia. Maneno haya yenyewe hayamaanishi kuingia au kutoka, wala nzuri au mbaya.

Sasa kwa nini yanachanganya, inabidi turudi yalikotoka. Debiti imetokana na neno la Kilatini debere, maana yake kudaiwa. Krediti imetokana na credere, kuamini, yaani yule aliyekuamini akakukabidhi kitu chake, kwahiyo sasa anakudai. Waitaliano mpaka leo pande hizo mbili wanaziita dare na avere, kutoa na kupata, ukiisoma kwa upande wa mtu ambaye akaunti ni yake: huyu anapaswa kutoa, huyu anapaswa kupata. Mtawa Luca Pacioli alipoieleza njia hii kwenye kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494 hakuibuni yeye, alikuwa anaandika namna wafanyabiashara wa pale walivyokuwa wanaweka hesabu zao tayari, na hesabu zile zilikuwa za watu na watu, fulani nimempa vitambaa namdai, fulani amenipa vitambaa ananidai. Na ndo maana kwenye leja unaona Dr wakati kwenye neno debiti hakuna r, maelezo ya kawaida ni kwamba ni kifupisho cha mdaiwa kwa Kiingereza, na Cr ni mdai.

Kiswahili kwa kweli kinatusaidia hapa kuliko Kiingereza, sisi tuna mdaiwa na mdai, maneno ya shina moja, huwezi kuyasikia bila kujiuliza nani anamdai nani. Ukisema debiti ni mdaiwa, sanduku la fedha likipokea shilingi 50,000 unaliandika kushoto kwa sababu sanduku sasa linadaiwa na biashara, limeshika hela isiyo yake. Mwenye duka akiweka mtaji wa 500,000 anaandikwa kulia kwa sababu biashara imepokea kwake, yeye ni mdai. Kwenye matumizi kama kodi ya pango picha hii inalegea kidogo maana hakuna anayedaiwa, hapo kumbuka tu kwamba matumizi yanakula mtaji, mtaji uko kulia, kwahiyo kinachoupunguza kinakaa kushoto.

Turudi kwenye meseji ya benki. Benki ikikuandikia akaunti yako imekreditiwa 55,000 haidanganyi, ila inasoma vitabu vyake yenyewe. Kwenye vitabu vya benki wewe ni mdai, umewaamini ukawapa hela, wanadaiwa na wewe, kwahiyo unakaa kulia. Kwenye vitabu vyako benki ndiyo mdaiwa, inakaa kushoto. Tukio ni moja, vitabu ni viwili, pande zinapinduka. Kanuni ya ubaoni inatoka kwenye vitabu vya benki alafu inatumika kwenye vitabu vya duka.

Angalia inavyouma. Swali tulilofanya siku ile lilikuwa hivi: daftari la fedha la duka lina salio la debiti 640,000, taarifa ya benki ina salio la krediti 910,000. Kuna hundi ya 350,000 tuliyomwandikia msambazaji hajaipeleka benki, kuna 120,000 tumeweka siku ya mwisho ya mwezi benki haijaiingiza, benki imekata makato 15,000, na mteja ametulipa 55,000 moja kwa moja benki sisi hatukujua. Kwenye daftari letu unaongeza 55,000 kushoto, unatoa 15,000 kulia, unapata 680,000. Upande wa benki unachukua 910,000 unaongeza 120,000 unatoa hundi ya 350,000, unapata 680,000 pia. Imefunga.

Dada aliyekaa karibu yangu alipata 600,000 kwenye daftari, akafuta mara tatu karatasi ikatoboka. Aliona makato kwenye taarifa ya benki yako safu ya debiti, akayanakili kwenye debiti ya daftari, na ile 55,000 aliikuta krediti akaiweka krediti. Yaani 640,000 jumlisha 15,000 toa 55,000. Tofauti yake na jibu sahihi ni 80,000, na ukiigawa kwa mbili unapata 40,000 ambayo ndiyo 55,000 toa 15,000. Hii ni dalili nzuri ya kuijua: kitu kikiwekwa upande usio wake tofauti inakuwa mara mbili yake, kwa sababu umekosa kukiweka kunakotakiwa na umekiweka kusikotakiwa. Angekosea makato peke yake angepishana kwa 30,000. Kwahiyo hesabu ikigoma, igawe tofauti kwa mbili alafu tafuta namba hiyo kwenye swali kabla hujafuta chochote, ila ikiwa vitu viwili vimekosewa kama hivi, namba utakayopata ni mchanganyiko wao na haitaonekana moja kwa moja, itabidi ujaribu kujumlisha na kutoa.

Kuna kitu kingine humohumo. Swali likisema taarifa ya benki ina salio la debiti, watu wa kanuni ya ubaoni wanachanganyikiwa kabisa. Ni kwamba benki inakudai wewe, umetoa zaidi ya ulichoweka, na kwenye daftari lako hilo linatakiwa lionekane kama salio la krediti. Ukianza hesabu yako na salio hilo kama vile ni hela unayo, kila mstari unaofuata umeshaharibika hata kama kujumlisha kwako kuko sawa.

Kiongozi wetu nilimfuata tulipopumzika, nikamwonyesha karatasi ya yule dada, akaiangalia kimya kidogo akasema meseji za benki ndo zilimfundisha hivyo toka zamani. Kaka, hujakosea kuzisoma, zimeandikwa hivyo kweli. Jumamosi ijayo ukifungua, pale ubaoni acha maneno yako yote mawili ila ongeza mstari mmoja chini yake: kwenye akaunti yako ndani ya vitabu vya benki.