Mistari saba inayochekesha watu: meme inapopanda juu ya meme

"Kwa nini kuna meme kila mtu anacheka, mimi naona picha ya kawaida tu, halafu naambiwa eti hujaona ile ya kwanza? Na mbona hata nikielezewa bado sicheki?"

Kwa sababu kichekesho hakimo kwenye picha uliyotumiwa. Kimo kwenye ile ya kabla yake, hii ya leo inakugusa tu bega ukumbuke. Kama huna cha kukumbuka basi umeguswa bega na mtu usiyemjua, unageuka, unaangalia, unaendelea na safari yako.

Tuanze na moja ambayo wengi tuliiona, wale wabeba jeneza wa Ghana. Kule Ghana kuna kikundi cha vijana wanaobeba jeneza huku wanacheza, suti, viatu vinang'aa, miwani myeusi, kiongozi wao anaitwa Benjamin Aidoo, na BBC waliwaonyesha mwaka 2017. Yeye alieleza kwamba anawauliza wafiwa wanataka ya taratibu ya huzuni au wanataka mbwembwe, wakitaka mbwembwe wanachezewa. Hapo hakuna meme bado, ni kazi ya watu na ni heshima kwa marehemu, kule kwao kumsindikiza mtu kwa shangwe si utani hata kidogo.

Mwanzoni mwa 2020 ndo mambo yakageuka. Watu wakachukua video za ajali ndogondogo, mtu anaruka kwenye paa kwa baiskeli, mwingine anapanda ngazi imeegemezwa vibaya, na ile sekunde anapokaribia kuanguka video inakatwa, wanaingia wale vijana na jeneza lao wanacheza, chini kuna muziki unaitwa Astronomia. Huo wimbo nao ni rimiksi, Tony Igy wa Urusi aliutoa 2010 na wale Vicetone wa Uholanzi wakaufanyia kazi upya 2014. Hii ni hatua ya kwanza ya mnyororo na hapa kila mtu anaelewa, hata usipojua Ghana iko wapi, maana kila kitu umewekewa mezani, unaona mtu anaanguka, unaona jeneza, unajumlisha mwenyewe.

Watu wakishaona mara kumi wanaanza kuchoka, si ndio? Kwa hiyo watengenezaji wakaanza kupunguza. Kwanza wakaondoa dansi lenyewe, unamwona jamaa juu ya ngazi, muziki unaanza taratibu, video inaisha. Hakuna jeneza, hakuna kuanguka, lakini aliyeona zile za mwanzo anajua kinachofuata na anacheka kabla hakijatokea. Halafu wakageuza, muziki unaanza, jamaa anayumba, anashika ukuta, anapona, muziki unakatika ghafla kama wabeba jeneza wamerudishwa nyumbani bila kazi. Hiyo kwangu ndo bora kuliko zote. Sasa muonyeshe mtu ambaye hakuona zile za kwanza, ataona nini? Mtu aliyepanda ngazi akashuka salama, basi.

Nina shangazi yangu, mwaka huohuo kuna kijana alituma kwenye grupu la familia klipu ya binamu yetu mmoja anapanda mnazi na huo muziki chini, na stika ya jeneza mwishoni. Shangazi alipiga simu analia, anauliza amekufa lini na kwa nini hakuna aliyempigia. Nilijisikia vibaya sana siku ile, maana hakukosea chochote, alisoma kile kilichokuwepo kwenye picha, na kwenye picha kulikuwa na jeneza. Watu wengi wanadhani ukikosa ile ya zamani hasara ni kutocheka tu. Hapana, unapata ujumbe mwingine kabisa, na mara nyingi ni mbaya kuliko ule aliokusudia mtumaji.

Na tulipomwelezea "shangazi, ni utani, kuna watu Ghana wanacheza na jeneza", akasema sawa, nimeelewa. Hakucheka. Kuelewa na kucheka ni vitu viwili. Kicheko cha meme ya namna hii kinatoka kwenye kile kitendo cha kutambua mwenyewe, haraka, kichwa chako kinaziba lile pengo bila kusaidiwa, ukizibiwa na mtu mwingine pengo halipo tena na kicheko hakina pa kutokea. Ni kama kitendawili, ukipewa jibu kabla hujasema "tega" raha yote imekwisha.

Kilichomsaidia ni kitu kingine. Jioni yake nilimtumia video tatu kwa mpangilio, bila maelezo, ya kwanza yenye dansi zima, ya pili inakatwa pale wanapoingia, ya tatu muziki peke yake. Ile ya tatu alicheka mpaka akanitumia sauti. Yaani alipitishwa njia ileile waliyopita wengine, kwa dakika mbili badala ya wiki kadhaa, kichwa chake kikapata cha kutegemea, halafu kikakatiwa.

Sasa kuna mnyororo mmoja uliofika mbali kuliko wote ninaoujua, mpaka ukabaki hivi:

```
|    |ı

||   |_
```

Kuna watu ukiwatumia hiyo wanacheka au wanakasirika kwamba umewanasa, na wewe unaona mistari saba. Historia yake ni hii. Kulikuwa na katuni ya mtandaoni inaitwa Ctrl+Alt+Del, ya Mmarekani Tim Buckley, ilianza 2002, ilikuwa ya utani wa watu wanaocheza gemu, mhusika mkuu jamaa mmoja wa vituko anaitwa Ethan. Tarehe 2 Juni 2008 ikatoka moja yenye jina Loss, yaani kupoteza, ina viboksi vinne na hakuna neno hata moja. Kiboksi cha kwanza Ethan anaingia mlangoni hospitalini mbio. Cha pili anaongea na dada wa mapokezi aliyekaa. Cha tatu anaongea na daktari, wote wamesimama. Cha nne amesimama kando ya kitanda, mchumba wake Lilah amelala, mimba imeharibika.

Wasomaji walishtuka, na kuna jambo lazima lieleweke hapa, hawakuwa wanacheka mimba iliyotoka. Walichokuwa wanakicheka ni namna katuni ya vituko vya gemu ilivyogeuka ghafla kuwa msiba mzito, kama mchekeshaji anayesimama katikati ya shoo na kuanza kusoma wasifu wa marehemu. Ukikosa hiyo habari ya kwamba katuni ilikuwa ya utani kwa karibu miaka 6 kabla ya siku hiyo, utaona watu wasio na utu wanamcheka mama aliyepoteza mtoto, na utakuwa na haki ya kukasirika. Na kuna walioujua mkasa wote na bado wakaona haipendezi, siwalaumu.

Basi watu wakaanza kuichora upya. Mwanzo waliweka wahusika wengine, wa gemu, wa sinema, ila kila mmoja amesimama palepale aliposimama wa kwanza. Halafu wakaondoa sura, wakabaki na vitu virefu vya rangi, halafu rangi nazo zikaenda, ikabaki mistari. Angalia tena pale juu sasa, mmoja amesimama peke yake, halafu mrefu na mfupi kwa sababu yule wa mapokezi amekaa, halafu wawili sawa, halafu mmoja wima na mwingine amelala. Nimekuelezea, umeelewa, na nadhani hukucheka, kama shangazi.

Kila rimiksi ilitupa kile ambacho watu walishakijua na kubakiza kile tu kinachotosha kutambulika, na kwenye Loss kilichotosha ni mpangilio. Ndio maana baadaye utani ukahama kabisa, watu wakaanza kuuficha, wanapanga chupa, vijiti vya samaki kwenye sahani, madirisha ya jengo, wanaiposti kama picha ya kawaida, na wewe ukiwa chini unasoma komenti unakuta mtu ameuliza "hii ni Loss?" Hapo kichekesho si katuni tena, ni kule kunaswa, kugundua umeangalia sahani ya chakula sekunde kumi kumbe unaangalia hospitali ya 2008.

Kuna kitu kimoja hapa ambacho wengi wanakikosea, wanadhani lazima uijue ile ya kwanza kabisa. Si lazima. Kuna vijana kibao wanaocheka mistari ile na hawajawahi kuisoma katuni ya Buckley, wao wameingia kwenye hatua ya kujificha, na utani wa kunaswa unawafikia vizuri tu. Unachohitaji ni ile pingili moja ya kabla ya hii uliyotumiwa. Ile ya mwanzo kabisa inakuongezea ladha, ila pingili ya jirani ikikosekana ndo huna kitu kabisa, hata kama ya mwanzo unayo. Mtu aliyeisoma Loss mwaka 2008 na hakuingia tena mtandaoni hadi leo, mwonyeshe samaki kwenye sahani, ataona samaki.

Na mtengenezaji naye anaweza kuua. Nimeona watu wanachora viboksi vinne, kila kimoja mistari miwili iliyosimama, wanadhani ni ileile. Haiendi, kwa sababu wamepoteza ule mmoja wa kwanza na ule uliolala mwishoni, na hivyo ndivyo jicho linavyoshika. Vilevile kwenye jeneza, ukiweka muziki baada ya mtu kuanguka badala ya kabla, watu wanaona umechelewa, maana kazi ya ule muziki ilikuwa kutangulia.

Utajuaje kwamba kuna pingili imekupita? Angalia komenti. Kama picha haina tukio lolote halafu watu mia wanaandika neno lilelile au wanalalamika kwamba "mmeniweza", kuna ya nyuma. Dalili nyingine ni kitu kilichopangwa vizuri kupita kiasi bila sababu, au muziki usioendana na kinachoonekana. Tafuta matoleo matatu manne ya meme hiyohiyo, yaweke pamoja, usiangalie yanavyotofautiana, angalia kile ambacho hakuna aliyethubutu kukibadilisha, hicho ndo kilichobeba utani. Halafu rudi nyuma moja moja kwa tarehe, tafuta kwa picha yenyewe au pitia tovuti ya Know Your Meme ambako watu wamezipanga kwa miaka, na usisome maelezo kwanza, angalia picha kwanza kwa mpangilio kisha maelezo baadaye. Ukianza na maelezo utajua kila kitu na hutacheka hata moja.