Waajiri wanamaanisha nini wanapouliza kama "utaendana na utamaduni wa kampuni"?

"Nimejaza fomu ya kazi mtandaoni, nikakuta wanauliza kwa nini nadhani nitaendana na utamaduni wa kampuni yao, kwa maneno yasiyozidi 150. Hivi hapo wanataka kujua nini hasa, na mtu anajibu vipi kwa maandishi?"

Wanataka kujua namna unavyofanya kazi pale ambapo hakuna maelekezo. Ujuzi wako wameshauona kwenye wasifu. Kilichobaki ni mambo ambayo cheti hakionyeshi. Ukikwama unauliza au unasubiri? Ukiona bosi amekosea unamwambia saa ngapi, na mbele ya nani? Ukilazimika kuchagua kati ya kumaliza leo na kumaliza bila kosa, unachagua kipi?

Hapa Dar es Salaam tofauti hizi unazikuta kwenye ofisi mbili za jengo moja. Ghorofa ya tatu mkurugenzi anapewa shikamoo na kila mtu, barua inapita kwa meneja kwanza, na mfanyakazi mpya haongei kwenye kikao mpaka aulizwe. Ghorofa ya tano kila mmoja anaitwa kwa jina lake, kazi zinagawiwa kwenye kundi la WhatsApp saa tatu usiku, na anayekaa kimya kikaoni anaonekana hana mchango. Mtu hodari wa ghorofa ya tatu akihamia ya tano anaweza kuonekana mzembe ndani ya mwezi mmoja, na kinyume chake. Mwajiri anaogopa hilo kwa sababu akikosea kuchagua, inambidi aanze upya kutangaza, kusaili na kufundisha.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1991 watafiti watatu wa Marekani, O'Reilly, Chatman na Caldwell, walitoa kipimo chenye kauli 54 kuhusu mambo ambayo kampuni inaweza kuyathamini, kama vile umakini, ushindani au kuthubutu. Watu wanaoifahamu kampuni walizipanga kauli hizo kufuatana na hali halisi ya kampuni, na mfanyakazi naye akazipanga kufuatana na anachokipenda. Waliofanana zaidi na kampuni walikuwa wakiridhika zaidi na kazi baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka miwili ndio ambao hawakuondoka sana. Swali hili unaweza kulikuta kwenye fomu za kampuni binafsi, mabenki na mashirika yasiyo ya kiserikali.

Lakini swali lina upande mbaya, na ni haki ya mwombaji kuujua. Mwanasosholojia Lauren Rivera alihoji watu 120 wanaohusika na kuajiri katika kampuni kubwa za sheria, benki za uwekezaji na kampuni za ushauri huko Marekani, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2012. Aliona kwamba wengi walipima kufaa kwa kuangalia kama mwombaji anafanana nao: michezo anayopenda, alikosoma, mapumziko yake anayatumiaje. Mtu aliwavutia kama mwenzao, nao wakaita hiyo "kufaa". Huku kwetu kufanana huko kunaweza kuwa kwa shule, mtaa, dini au kabila.

Kwa hiyo mimi, ninayesoma majibu haya kazini, nafurahi swali linapoulizwa kwa maandishi. Ana kwa ana, msaili anaweza kuvutiwa na lafudhi au shati. Kwenye karatasi kuna maneno tu, na jibu lenye tukio la kazi ndani yake linamlazimisha msomaji kupima kazi.

Tuchukue mfano. Tuseme kampuni ya uwakala wa forodha, yenye ofisi Barabara ya Nyerere, inatafuta ofisa nyaraka. Tangazo linasema hivi: timu ni ya watu wachache, nyaraka zikikosewa mzigo wa mteja unakwama bandarini, anatakiwa mtu anayejisimamia, na saa za kazi huongezeka meli inapofika. Swali la kwenye fomu ni hili: "Eleza mazingira ambayo unafanya kazi vizuri zaidi, na kwa nini unadhani utaendana na utamaduni wetu." Mwombaji ni dada wa Mbagala, amefanya kazi kwenye duka la jumla Kariakoo, hajawahi kugusa kazi ya forodha.

Jibu linalokuja haraka ni hili:

"Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninayejituma. Ninaweza kufanya kazi chini ya presha na kushirikiana na wengine. Ninajifunza haraka na ninaamini nitaendana na utamaduni wa kampuni yenu."

Geuza kila neno uone. Je, kuna kampuni inayotafuta mvivu, mwongo, asiyejifunza? Kama kinyume cha sentensi hakuna anayekitaka, sentensi hiyo haimtofautishi mwombaji na yeyote. Nikisoma maombi mengi kwa siku moja, jibu la namna hii linajirudia mpaka sikumbuki ni la nani. Dada huyu anaweza kuwa mwaminifu kweli, ila mimi sina pa kuushika uaminifu wake.

Sasa arudi kwenye tangazo, asome yale yanayosemwa kuhusu kazi inavyokwenda, aachane kwanza na sifa. Yapo matatu. Kosa dogo la nyaraka lina gharama kubwa, kwa sababu kontena likikaa bandarini kupita siku za bure tozo zinaanza kuhesabika. Hakuna msimamizi wa kukufuata nyuma. Na muda haupangiki sana, unafuata meli. Akitaka uhakika zaidi, amtafute mtu aliyewahi kufanya kazi pale au kwenye ofisi ya aina hiyo, amuulize maswali mawili tu: mtu akikosea hapo inakuwaje, na jioni mnaondoka saa ngapi. Majibu hayo yatamfaa kuliko ukurasa mzima wa tovuti unaoeleza maadili ya kampuni.

Kati ya hayo matatu achague moja la kulijibu kwa tukio, mengine ayaguse. Maneno 150 yanabeba tukio moja tu. Kisha ajiulize: ni siku gani kazini jambo hilo lilinitokea, nikafanya nini kwa mikono yangu? Likipatikana, jibu linaweza kuwa hivi:

"Nafanya kazi vizuri zaidi nikijua kazi ipi ni yangu tangu mwanzo hadi mwisho, na nikiweza kumuuliza anayehusika moja kwa moja. Kwenye duka la jumla Kariakoo nilikuwa naandaa ankara za wateja wa mikoani. Asubuhi moja nililinganisha ankara na orodha ya mzigo wa Mbeya, nikakuta katoni 62 zimeandikwa 26, na lori linakaribia kuondoka. Nilimwomba dereva asubiri, nikampigia bosi hapo hapo, tukarekebisha. Lori lilichelewa nusu saa. Tangu siku hiyo nakagua ankara jioni kabla ya kupakia. Tangazo lenu linasema nyaraka zikikosewa mzigo unakwama, hivyo nadhani tabia hii itawafaa. Kazi ya forodha sijawahi kuifanya, nitahitaji kufundishwa. Kubaki ofisini jioni meli inapofika naweza, ila nafanya vizuri zaidi nikipata taarifa siku moja kabla."

Angalia jibu hili linavyobeba uzito. Sentensi ya kwanza ni upendeleo wa kweli, na wapo waajiri ambao usingewafaa. Ndiyo maana una maana. Tukio lina tarakimu zinazoweza kuulizwa na lina gharama, maana lori lilichelewa na hakuificha. Kisha linakuja jambo ambalo waombaji wengi hulisahau: alibadilisha nini baada ya hapo. Kwangu hiyo sentensi ya kukagua jioni ndiyo jibu lenyewe, kwa kuwa inaonyesha tabia iliyoendelea baada ya siku ile moja ya bahati. Mwisho anasema asichokijua na anachokihitaji. Wengi wanaogopa kuandika mahitaji yao, wakidhani yatawafukuzisha. Kwa kawaida yanafanya yale mengine yaaminike, mradi yasigongane na kiini cha kazi. Akiandika kwamba hawezi kabisa kubaki baada ya saa kumi na moja, kwenye kazi hii ya meli amejibu "hapana", na pengine ni vizuri kwake kuligundua mapema.

Makosa mengine mawili nayaona mara nyingi. La kwanza ni kunakili maadili ya kampuni kutoka kwenye tovuti na kuyarudisha jinsi yalivyo: "Kama ninyi, nami naamini katika ubunifu, uadilifu na mteja kwanza." Msomaji anayatambua maneno yake mwenyewe. La pili ni kutunga tukio. Jibu la maandishi linachapwa na kuwekwa mezani siku ya usaili, na swali la kwanza huwa, "Hapa umeandika ulimpigia bosi. Alisemaje?" Aliyeishi tukio anajibu papo hapo na kuongeza mambo ambayo hayakutosha kwenye fomu. Aliyetunga huishia kurudia sentensi zilezile. Tukio dogo la kweli, hata la kuuza vocha au kuratibu michango ya harusi, linatosha kabisa.

Kuhusu uandishi wenyewe, jibu kwa lugha iliyotumika kwenye swali. Andika kwanza kwenye daftari au kwenye simu nje ya fomu, kwa sababu fomu nyingi zikikaa muda mrefu zinajifunga na maandishi yanapotea. Na uangalie kama kikomo ni cha maneno au cha herufi. Maneno yetu ni marefu, hivyo kikomo cha herufi kinakubana mapema, na mara nyingi sentensi ya mwisho, ile yenye jambo, ndiyo inayokatwa.

Usijaze nafasi hiyo kwa habari za ndoa, watoto, dini au kabila lako, hata kama unadhani zitakuonyesha mtu wa kuaminika. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi hiyo, na pia kwa umri, jinsia, ujauzito, ulemavu na mingine, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Fomu ikikuuliza moja kwa moja, "Umeolewa? Familia yako itaathirije kazi?", unaweza kujibu upande wa kazi pekee: "Saa za kazi zilizoandikwa kwenye tangazo nazimudu." Kisha hifadhi picha ya ukurasa huo pamoja na nakala ya tangazo, kwa kuwa tangazo likishafungwa huwa halipatikani tena mtandaoni.