Leseni ya udereva ya Tanzania ukiwa Ujerumani: mtihani utakaokukuta huko

Wauguzi wanaotoka Mwanza kwenda kufanya kazi Ujerumani hupita chuoni kwetu na swali lilelile: "Mwalimu, leseni yangu si nitaibadilisha tu?" Nawaambia mapema, maana wengi hushtuka wakiwa wameshafika. Kanuni za kule zina orodha iitwayo Anlage 11, yenye nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Namibia imo, Afrika Kusini imo, Tanzania haimo.

Kwa hiyo leseni yako, pamoja na tafsiri yake, itakufaa miezi sita tu tangu uhamie. Aliyehamia tarehe 1 Machi, mwisho wake ni mwisho wa Agosti. Kuwa na leseni ya kimataifa hakurefushi muda huo, na kuendesha baada ya hapo ni kosa la jinai.

Unachosamehewa ni masomo ya lazima ya shule ya udereva. Mitihani miwili, ya nadharia na ya barabarani, unaifanya yote. Kabla yake utapimwa macho na kuhudhuria kozi ya huduma ya kwanza. Leseni yako iwe hai siku unapoomba, basi iangalie tarehe yake kabla hujapanda ndege.

Nadharia ndiyo inayowaangusha madereva wazoefu. Kwa gari dogo kuna maswali 30 kwenye kompyuta, na kila swali lina pointi 2 hadi 5. Swali moja laweza kuwa na majibu sahihi mawili au matatu: ukiacha moja bila alama, umekosa swali zima. Unaruhusiwa kupoteza pointi 10. Lakini tazama hapa: ukikosa swali la pointi 5 na la pointi 4, umepoteza 9 na umefaulu. Ukikosa maswali mawili ya pointi 5, umepoteza 10 zilezile, na umefeli. Maswali hayo ya pointi 5 mengi ni ya nani apite kwanza.

Na hapo mazoea ya nyumbani hudanganya. Chukua njia panda ya mtaani isiyo na kibao wala taa, kama zile za ndani ya Nyakato. Kwetu aliye kwenye barabara pana hupita, wa kichochoroni husubiri. Kule anayetoka kulia kwako hupita kwanza, hata kama kinjia chake ni chembamba. Na kwenye keepilefti, dereva aliyezoea ile ya Samaki jijini Mwanza hutazama kulia. Kule magari hupita upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo yanayozunguka yanakujia kutoka kushoto.

Kiswahili hakimo katika lugha za mtihani, Kiingereza kimo. Jiandikishe kwa Kiingereza na ufanye mazoezi ya maswali kwa lugha hiyohiyo. Ukishafaulu nadharia, una miezi 12 ya kufaulu barabarani, kwa gari la shule ya udereva na mwalimu akiwa pembeni yako.