Mtoto Akiandika 376: Kabla ya Kumpanga Kwenye Kikundi

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika mwaka 2024, sisi wathibiti ubora wa shule hapa Moshi tunapokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa wazazi: mwalimu siku hizi hafundishi, anawapanga watoto kwenye vikundi wafundishane wenyewe. Wapo walimu pia wanaoamini kwamba kikundi chenyewe ndicho somo. Pande zote mbili hazijaelewa, na hesabu moja ya darasa la nne inatosha kuonyesha kwa nini.

Mwalimu ameandika ubaoni 402 kutoa 178. Jibu ni 224. Akipitia madaftari anakuta Asha ameandika 376 na Baraka ameandika 324. Wote wanapewa mkasi, wote wanaambiwa hawakusikiliza. Hapo ndipo somo linapoharibika.

Nadharia ya utambuzi, ambayo Jean Piaget wa Uswisi ni miongoni mwa waasisi wake, inasema mtoto hujijengea kanuni kichwani na kuifuata hata ikiwa mbovu. Mwaka 1978 watafiti Brown na Burton walionyesha kwamba makosa mengi ya kutoa hayatokani na uzembe. Mtoto hufuata utaratibu wake kwa uaminifu. Tazama daftari la Asha. Kila safu ametoa namba ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Baraka yuko mbele zaidi. Anajua kukopa, lakini alipofika kwenye sifuri aliigeuza kuwa 9 bila kupunguza ile 4 ya mamia. Kwa hiyo amepata 12 toa 8, kisha 9 toa 7, kisha 4 toa 1.

Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Asha anahitaji kurudi kwenye vijiti: afungue fungu la kumi kwa mikono yake, aone kwamba mamoja 2 yanakuwa 12. Baraka anahitaji kuona kwamba 9 yake imetoka mahali: mia moja imefunguliwa ikawa makumi 10, kumi moja likaenda kwa mamoja, yakabaki makumi 9 na mamia 3. Kurudia maelezo yale yale ubaoni kwa sauti kubwa zaidi hakumsaidii yeyote kati yao.

Nadharia ya kijamii inaanzia kwingine. Lev Vygotsky wa Urusi, aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget, 1896, alitaka tuangalie kile ambacho mtoto hakiwezi peke yake lakini anakiweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Hapo ndipo ufundishaji unapozaa. Baraka anaweza kumsaidia Asha kuelewa kukopa, na akilazimika kueleza, naye ataimarika. Lakini sifuri hawezi kumfundisha, maana hata yeye imemshinda. Wakiachwa wawili hao, Asha atatoka na kosa jipya, 324, akiamini amefundishwa. Ni lazima mwalimu afike kwenye dawati lao, au awepo mwenzao aliyepata 224 na anayeweza kueleza kwa nini.

Kwa maoni yangu, basi, nadharia ya kwanza itangulie: soma kosa, ndipo upange kikundi. Kikundi cha watoto wanane ambamo mmoja anaandika na saba wanamtazama hakina nadharia yoyote ndani yake. Wawili au watatu wanatosha, hata darasa likiwa na watoto wengi. Kesho yake kila mtoto afanye peke yake 503 kutoa 267. Akipata 236, ameelewa. Akipata 364, kanuni ya zamani ya Asha bado ipo. Akipata 336, ni ile ya Baraka.

Niseme hili wazi, kwa sababu bado tunalisikia: kosa la hesabu si kosa la nidhamu. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu tu, visizidi vinne, vikitolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu. Jibu la 376 halimo humo.

Mzazi mwenye wasiwasi aanze kwa mwalimu wa somo, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, ndipo afisa elimu kata. Tunaomba hatua hizo zisirukwe. Aje na daftari la mtoto, na aulize swali moja: mwanangu amekosea wapi, na amepangwa na nani kwa sababu gani? Mwalimu aliyesoma daftari hilo atakuwa na jibu.